Sahihi ya Kwa Niaba

Subira huvuta heri, ndivyo wasemavyo. Macho alikuwa na subira ya kujaza gunia, ila heri aliyokuwa akiivuta haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake, muuguzi, aliyepata kazi katika hospitali ya ng'ambo, na ikivutika itamchukua dada mwenyewe.

Dada alikuwa anamalizia zamu zake wodini, hana nafasi hata ya kujikuna. Akamwandikia mdogo wake barua ya kumruhusu, na Macho aliyeishia darasa la saba akawa anazunguka na shahada ya watu kifuani kama amebeba mtoto mchanga. Njia alishaikariri. Kwanza Wizara ya Elimu, wahakikishe na chuo kwamba cheti si cha kughushi, wagonge muhuri nyuma na kutia sahihi. Kisha Mambo ya Nje. Kisha ubalozi, Alhamisi saa tatu. Alhamisi ikipita, miadi nyingine ni baada ya wiki tano, na mkataba wa dada unakufa mwisho wa mwezi.

Leo Jumatano, na barua ya chuo ya kuthibitisha cheti ilikuwa imefika.

"Mwenye cheti cha uuguzi!" aliita karani dirishani Elimu. "Haya, binti, nenda salama. Ukifika huko ng'ambo usitusahau."

"Si mimi, kaka. Ni dada yangu."

"Basi mwambie yeye asitusahau."

Macho akacheka, akageuza cheti. Muhuri ulikaa vizuri, wino bado unang'aa. Chini yake sahihi ya haraka haraka, na mbele ya cheo cha mkubwa herufi tatu ndogo: kny.

Wiki iliyopita alikwenda Mambo ya Nje kuuliza utaratibu, akamwona baba mmoja mhandisi anarudishiwa cheti chake. "Mzee, sisi hatuthibitishi ulichosoma," mama wa dirishani alimwambia. "Tunathibitisha sahihi ya ofisa wa Elimu, na tunayo hapa ya kulinganishia. Huyu aliyesaini kwa niaba hatuna sahihi yake. Rudi kule." Baba wa watu aliondoka mabega yameanguka.

Macho akakaa kwenye benchi, cheti mapajani. Akiondoka nacho hivi hivi, foleni ya Mambo ya Nje itamla mchana kutwa, watamkatalia jioni, na Alhamisi itakuwa imekwenda na maji. Nani atamlaumu? Amepewa karatasi, amepeleka karatasi. La saba atajuaje mambo ya kny?

Na dada atabaki. Tangu mama yao afariki wanalala kitanda kimoja, dada akirudi zamu na miguu ya baridi anaibandika kwenye mashavu ya miguu ya mwenzake, "Nipashe moto, we jiko." Macho humtukana, halafu husogea karibu. Ataendelea kuleta visa vya wodini, kumwigiza daktari anayesahau miwani iko usoni akaitafuta mezani. Ataendelea kuimba vibaya akifua. Benchi lilikuwa gumu, lakini Macho alitamani akae pale mpaka mwisho wa mwezi.

Ila akakumbuka jinsi dada alivyoisoma barua ya kazi. Aliisoma amesimama, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, na alipoimaliza akaanza upya.

Macho akarudi dirishani.

"Kaka, samahani. Hii imesainiwa kwa niaba. Mambo ya Nje hawaipokei."

Karani akamtazama. "Wewe umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Na unanisahihisha?"

"Sikusahihishi, kaka. Naomba sahihi ya mkubwa."

Nyuma kwenye foleni mtu akaguna, "La saba ya zamani hiyo!" Watu wakaangua kicheko. Karani naye akashindwa kujizuia, akachukua cheti. "Mkubwa yuko kwenye kikao. Utasubiri."

"Kusubiri ndiyo kazi yangu."

Mkubwa alitoka saa sita na robo. Wakagonga muhuri upya pembeni, akasaini mwenyewe. Macho alikimbia. Mama wa Mambo ya Nje alilinganisha sahihi, akagonga wa kwake, na Alhamisi ubalozi ukaweka stika yake juu ya kazi ya wizara zote mbili.

Dada, aliyeomba ruhusa wodini siku hiyo, alitoka mlangoni pa ubalozi ameshika cheti kwa mikono miwili, anacheka na kulia.

"Haya sema, nikifika nikutumie nini?"

Macho alitaka kumwambia, jitume wewe. "Viatu," akasema.

"Namba?"

"Namba yako. Si tunavaa sawa?"

Dada akamshika mkono kwa nguvu kama wanavuka barabara, na barabara yenyewe haikuwa na gari hata moja.