Mafuta Juu ya Karanga

Maoni tisa ya kwanza yalikuwa ya haki. Angèle aliyatafuta kwa miguu: alimpelekea kila mteja bokali, ile chupa ya mdomo mpana, la karanga ya kusaga, akarudi baada ya siku tatu kuuliza kilichompendeza na kilichomkera, kisha akamwomba aandike mwenyewe kwenye grupu ya WhatsApp ya duka la Hippolyte. Mmoja aliandika kwamba chumvi haitoshi, naye akaongeza. Hippolyte alitaka kusikia wateja hadi Jumamosi, ndipo aamue kama ataipokea dukani. Tangu Angèle akimbie vita Kpandroma na kuhamia site, kambi ya waliohama makwao, hakuna duka jingine Bunia lililokubali hata kumsikiliza.

Maoni ya kumi yalitoka kwa Solange, mmoja wa wateja haohao. “Musinunue. Bameweka mafuta ya moteur, ya gari, inaelea juu. Batu ya site hawana propreté, hawana usafi.”

Uongo mtupu! Karanga safi ikikaa hutoa mafuta yake yenyewe, unakoroga, basi. Kaka yake Angèle, Paul, alikuwa tayari anaandika tusi la kutosha ukoo mzima wa Solange. Angèle akampokonya simu.

“Ukituma ile, haitakuwa tena mambo ya karanga. Itakuwa siye na bo.”

Siku zile bunduki kati ya jamii yao na ya Solange zilikuwa zimenyamaza, midomo bado. Angèle naye aliandika majibu matatu ya moto, akayafuta yote. La nne alilituma:

“Mama Solange, pole kwa ile uliona, na asante kwa kusema wazi. Ile ni mafuta ya karanga yenyewe, inapandaka kama bokali inakaa. Koroga, itarudi. Hatutiake mafuta ingine. Karibu uone vile tunatengeneza, ama nikubadilishie.”

Yeye ndiye aliyetukanwa, na yeye ndiye wa kusema pole!

Hippolyte alimpigia. “Umejibu muzuri. Lakini bateja banaogopa. Solange akisahihisha, nachukua. Asiposahihisha, unisamehe, dada.”

Jumamosi asubuhi Solange akaja kweli. Alisimama tangu kukaanga hadi kusaga. Angèle akamfungulia bokali la wiki iliyopita, mafuta yakielea juu. Solange akakoroga, akaonja, akaonja tena.

“Ni karanga tu,” akasema.

“Basi andika vile, mama. Leo, tafadhali.”

Solange akatazama mlangoni. “Siwezi. Kule kwetu batasema mumeninunua. Weye unajua namna tunaishi.”

Angèle alijua. Angeweza kumpiga picha palepale, kijiko mdomoni, aitupe kwenye grupu, nafasi ya dukani iwe yake. Akauliza tu, “Naweza kuandika kama ulikuja?”

“Hapana. Nakuomba.” Kisha, kwa sauti ndogo: “Unipe mbili. Batoto baliipenda. Lakini toa étiquette ya jina lako, bajirani basione.”

Angèle akachukua mabokali mawili, akaanza kubandua jina lake kwa ukucha, taratibu, asiache hata herufi moja.