Mstari Mmoja wa Rula

Mwalimu Pastory hakuzaliwa mvivu, ila Ijumaa ilimpataga vibaya. Alifundisha hisabati Butiama, mke wake Dotto akiwa Bunda, na basi la jioni halikumsubiri mtu. Ijumaa moja, mkoba ukiwa tayari begani, alichora ubaoni grafu inayokata mhimili wa x kwenye hasi moja, ikaugusa kwenye moja na kugeuka, na kukata mhimili wa y kwenye tatu. Akawaeleza wanafunzi wa kidato cha tano kwamba panapokatwa, mabano huandikwa mara moja. Panapoguswa tu grafu ikarudi ilikotoka, mabano hupigwa kipeo cha pili. Ikabaki namba ya mbele, ile a. Ukiweka sifuri mahali pa x, mabano yote mawili, pamoja na kipeo, yanatoa moja, kwa hiyo a ni tatu.

Angeishia hapo. Lakini aliangalia saa, akasema, "Kwa kifupi, angalieni inapokata y. Hiyo ndiyo a."

Haraka haraka haina baraka, na yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia watoto hivyo kila wiki.

Mtihani wa pamoja wa kumaliza mwaka ulisahihishwa Musoma, katika ukumbi wa shule moja upande wa Mukendo. Kila mwalimu alipewa swali lake, akalisahihisha kwenye karatasi za shule zote, na karatasi, zikiwa zimefungwa kwa wilaya, zilibeba namba badala ya majina. Pastory akaangukia swali la grafu. Hii ilikata kwenye hasi moja, ikagusa kwenye mbili, ikapita kwenye nane ya mhimili wa y. Ukiweka sifuri, mabano ya kwanza yanatoa moja, ya pili hasi mbili, na kipeo kinaifanya nne. Nne mara a ni nane, basi a ni mbili. Swali la kuokotea maksi.

Karatasi za Bunda zilikwenda vizuri. Ndipo likaja fungu ambalo kila karatasi iliandika a ni nane. Ya kwanza alisikitika. Zilizofuata zilikuwa vilevile, hakuna mtoto aliyejisumbua kurudisha sifuri mahali pa x aone grafu yake ikipanda mpaka thelathini na mbili. Walikuwa wanafunzi wake. Chakula kililetwa, sato wa mwalo wa Mwigobero, na hakuweza kumla.

Karatasi moja ilimwangusha kabisa. Mwandiko aliujua, saba zenye kistari katikati. Hilda, binti kutoka kijiji cha Mugeta aliyetaka kuwa mhandisi wa barabara, na ambaye hesabu nyingine zilikuwa zimemwelemea mwaka ule. Kama asingefikia alama ya kufaulu hisabati, shule ingemhamishia mchepuo mwingine, na uhandisi ungeishia hapo. Hilda alikuwa ameandika kila kitu sawasawa. Nane ni nne a. A ni mbili. Halafu akapitisha rula juu yake, mstari mmoja msafi, na chini akaandika: a ni nane.

Pastory alipeleka karatasi kwa Makongoro, kiongozi wa meza. Makongoro aliiangalia kwa huruma, akamkumbusha kanuni: kilichokatwa na kuandikwa upya hakisahihishwi. Akaongeza kwamba mtoto huyu alikuwa na jibu mkononi, sijui nani alimroga. Pastory alirudi kwenye kiti chake akaweka sifuri kwenye maksi za a, akiona aibu.

Matokeo yalipotoka, Hilda alikosa kufaulu kwa maksi mbili, zilezile za a. Pastory akaenda kwa Madam Benedikta, mwalimu wa taaluma wa shule, akakiri kila neno la Ijumaa ile. Benedikta alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema darasa litafundishwa upya, lakini matokeo ni ya mkoa na alama haibadilishwi kwa toba ya mwalimu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pastory alimkuta Hilda mlangoni mwa stoo akirudisha vitabu vya hisabati. Akamwambia wazi kwamba kosa lilikuwa lake yeye mwalimu, kwamba njia ile ya mkato ilikubali kwa grafu moja tu, na kwamba alichokikata kwa rula ndicho kilichokuwa sahihi. Alitegemea machozi, au hata matusi, na angeyapokea yote.

Hilda alipanga vitabu vizuri mezani, vikubwa chini.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Nilirudisha sifuri mara mbili, inakuja mbili tu. Nikajiambia, mimi ndo nimekosea. Mwalimu hawezagi kutudanganya."

Akamuaga kwa heshima, kama siku zote, akaenda darasa lake jipya.