Hotuba ya Saba

Guttaka hakuachwa peke yake hata alipokwenda kuoga mtoni. Watawa wawili walifuatana naye, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakimtahadharisha kila alipokanyaga jiwe lenye utelezi. Wala tusidanganyane kwamba walimpenda kuliko wengine. Walichokilinda ni kile kilichokuwa kichwani mwake.

Njaa ilikuwa imeifagia Lanka kwa miaka, na kila mtawa aliyekufa alizikwa na alichohifadhi, maana maneno ya Buddha hayakuwa yameandikwa popote. Yaliishi midomoni. Kila kundi lilikuwa na fungu lake, likilikariri pamoja kila siku, na aliyeteleza alirudishwa na sauti za wenzake. Kundi la Guttaka lilikuwa la watu wanane. Alibaki yeye tu, na fungu la hotuba kumi ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Ndiyo maana wazee waliokusanyika pangoni walikata shauri kuandika yote kwenye majani mapana ya mvumo, kabla kifo hakijachukua zaidi.

Kila asubuhi mzee Velusiva, mkuu wa baraza, alimmiminia nusu ya uji wake mwenyewe. Mbavu za mzee huyo zilihesabika.

"Kula, ndugu."

"Mzee, na wewe je?"

"Mimi nilishiba nikiwa kijana. Unabishana na uji?"

Guttaka alikula kwa aibu. Hotuba ya saba ilikuwa imempotea. Homa ilimlaza mchangani bila mwenza wa kukariri naye, na alipoinuka ilikuwa haipo. Lililobaki ni jina tu, Daraja la Mwanzi, kwa sababu ubeti wa kufungia fungu hutaja majina yote kumi kwa mpangilio, na ubeti huo haukumtoka. Kuiruka hotuba hakukuwezekana. Kanadeva, mtawa aliyepewa kazi ya kujifunza kwake, alikwisha kuushika ubeti huo na alikuwa akihesabu kwa vidole.

Basi akaitunga. Haikuwa kazi ngumu, na hilo ndilo lililomtisha. Hotuba hujengwa kwa matofali yale yale: salamu zile zile, orodha zenye idadi, sentensi inayorudi mara tatu huku neno moja tu likibadilika. Siku nne za kwenda mtoni na kurudi zilimtosha. Ilipendeza kuliko alivyotaka.

Siku ya fungu lake ilipofika, baraza liliketi tangu jua linachomoza. Velusiva aliuliza, Guttaka akajibu na kukariri, wote wakarudia kwa sauti moja, na walipokubaliana mwandishi akachora kwa kalamu ya chuma na kusugua masizi yenye mafuta ili herufi zionekane. Hotuba sita zilipita hivyo.

"Ya saba ilisemwa wapi?"

"Savatthi, mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa mtawa mmoja mgonjwa."

"Wewe uliipokea kwa nani?"

"Kwa mwenzangu Phussaguta."

Hilo lilikuwa kweli. Phussaguta alimpa kipande cha mwisho cha mzizi wa yungiyungi, akafa midomo yake ikiendelea kukariri.

"Tuanze."

Kila hotuba huanza kwa maneno yale yale: nimesikia hivi. Guttaka alikuwa ameyapima yote yaliyofuata, haya hakuyafikiria kabisa.

"Nimesikia," alisema, akakwama.

"Hivi," Kanadeva akamnong'oneza, akidhani amesahau.

"Sikusikia," alisema Guttaka. "Ya saba sinayo. Hii nimeitunga."

Mwandishi aliinua kalamu.

"Na Savatthi?" aliuliza Velusiva.

"Nayo pia, mzee."

"Na uji wa watu?" Kanadeva alisema. "Ndugu yetu Sumanaka alijinyima chakula kwa ajili yako mpaka tukamzika. Ulikuwa unakula nini, kaka?"

Guttaka angeshukuru kama wangemfukuza.

"Uongo utauungama leo kwa ndugu mmoja, kama kanuni inavyotaka," alisema Velusiva. "Ya nane unayo?"

"Ninayo."

"Basi tuendelee."

Walipofika kwenye ubeti wa kufungia, Guttaka alimwomba mzee. "Tuliondoe lile jina. Yakiwa tisa hakuna atakayejua."

"Tulipokea majina kumi. Tutaandika kumi."

Pango zima lilikariri naye, na ilimbidi alitamke kwa sauti kubwa, Daraja la Mwanzi, mwandishi akiliandika mahali pake. Atakayehesabu ataona.

Asubuhi iliyofuata Velusiva alikuja na bakuli lake, akammiminia nusu kama kawaida.

"Mzee, usipoteze uji," alisema Guttaka. "Sina tena kitu kichwani ambacho hakijaandikwa."

"Najua," alisema mzee. "Kula."