Miaka Sita ya Casimir

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumjua Casimir. Yake ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na miwili, na ilimfikisha salama salimini hadi kwenye ofisi ya bima mjini Lubumbashi, siku aliyostaafu uchomeleaji katika kiwanda cha shaba.

Karani, Madame Léa, alimsogezea barua. "Papa, iko njia mbili. Kapitali: dola elfu makumi mbili na moya na mia sita, mara moya. Ao rente: dola mia moya na makumi tano kila mwezi, mpaka kufa. Lakini ukikufa, inakwisha. Mama hatapata kintu. Uko na siku kumi na tano za kuchagua, na ukisha kusaini, hakuna kurudia."

Mkewe Victorine, aliyeketi kando yake, alitoa daftari la kibanda chake cha biashara mtaani Kampemba na kugawanya. Elfu ishirini na moja na mia sita kwa mia na hamsini: miezi mia moja arobaini na minne. Miaka kumi na miwili.

"Uko na makumi sita," akamwambia mumewe. "Kumi na mbili, inafika makumi saba na mbili. Baba yako alikufa na makumi saba na ine. Papa, tukamate rente! Kapitali bandugu batakula. Ulisahau Symphorien?"

Nani angemsahau Symphorien? Binamu huyo alichukua fedha zake zote kwa mkupuo, akanunua basi dogo, akalipa mahari za wapwa watatu, na mwaka wa pili akawa anakopa unga. Victorine alisema kweli. Tatizo ni kwamba hesabu yake ilisimama juu ya uongo.

Kiwanda kilipokuwa kikiajiri, hakikutaka mtu aliyepita miaka thelathini. Casimir alikuwa na thelathini na minne, akaandikisha ishirini na minane. Wengi walifanya hivyo, tusimnyooshee kidole peke yake. Kosa lake ni kwamba mwaka uliofuata, alipokwenda kuposa, aliwaonyesha wakwe kadi ileile ya kazi. Baba yake Victorine asingempa binti yake mtu wa makamo. Na tangu siku hiyo, mdomo ukafungwa.

Akakohoa. "Madame, nina mwenzangu. Yeye iko na makumi sita na sita. Mungemupa ngapi?"

Léa akabonyeza kompyuta. "Na kapitali ileile? Mia moya na makumi munane. Muzee tunamulipa mingi kila mwezi, sababu miaka ya kumulipa iko kidogo."

Casimir akagawanya kichwani. Miaka kumi. Hata kwa umri wake wa kweli, na hata kwa malipo hayo manono, angehitaji kufika sabini na sita. Kwa mia na hamsini ya umri wa makaratasi, sabini na minane. Na kubadilisha tarehe ya kuzaliwa kulitaka hukumu ya mahakama, wakati siku zilikuwa kumi na tano. Akifa katika umri wa baba yake, kampuni ingebaki na zaidi ya dola elfu saba, na Victorine angebaki na daftari.

Jioni hiyo, wakichambua matembele, alimwambia mkewe umri wake wa kweli. Aliona haya kuliko siku yoyote maishani mwake.

Victorine hakupiga kelele. Aliweka bakuli chini.

"Ulinipiga bongo, ulinidanganya miaka yote hii?"

"Niliogopa baba yako. Kisha nikaogopa wee."

Midomo ya Victorine ikacheza kama ya mtu anayesali. Casimir alidhani anahesabu dola.

"Mi nilikuwa najihesabia miaka kumi na ine na wee, mpaka miaka ya baba yako," akasema hatimaye. "Inabaki munane."

Casimir alilia.

Wiki iliyofuata walirudi. Victorine mwenyewe ndiye aliyesema: kapitali, iwekwe benki, kwenye akaunti isiyofunguka bila saini zao wote wawili, watumie kidogo kila mwezi. Kitakachobaki mumewe akifa kitakuwa chake. Bandugu wakija, waambiwe saini ya mama ni ngumu.

Casimir akasaini. Léa alisoma fomu mara ya mwisho, akatabasamu.

"Makumi sita tu! Papa iko bado kijana, Mama. Mutakula hizi feza pamoja miaka mingi."

Victorine akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika. Léa alidhani ni furaha ya fedha, akamsogezea maji na kumpongeza.