Miaka Ishirini ya Transfoma

Itohan alifundisha hesabu sekondari miaka kumi na tisa kabla hajafungua duka la samaki wa barafu, na Mtaa wa Erhabor wote, pale Benin City, uliendelea kumwita Mwalimu. Alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali. Mtu akija kununua samaki wawili aina ya titus angempimia, angemfungia, kisha angemkumbusha kwamba wiki iliyopita alikosea kujumlisha.

Basi mwezi wa nane, upatu wa wanawake wa soko ulipomfikia yeye, naira milioni moja na laki mbili, hakukimbilia kununua kitu. Alinunua daftari.

Kila mtu pale mtaani alijua umeme ni ghali. Itohan alitaka kujua ghali kiasi gani, yuniti kwa yuniti. Alianza na jenereta lake. Umeme wa waya ulikuja saa nne kwa siku, siku nyingine usije kabisa, na alipouongoja tu samaki walianza kulegea. Kwa hiyo kila siku aliwasha jenereta kwa saa sita. Lilikunywa lita nne za petroli, na lita ilikuwa naira elfu moja. Friza mbili, feni na taa kwa saa hizo sita vilikula yuniti tatu tu, maana jenereta ni kubwa kuliko mzigo wake, na likibeba mzigo mdogo halipunguzi kunywa kwa kadiri hiyo. Elfu nne gawanya kwa tatu. Akaongeza oili na plagi kila wiki mbili, akaongeza bei ya jenereta lenyewe kwa miaka mitatu ya uhai wake.

"Elfu moja mia tano na thelathini," alimwambia Osaretin, fundi umeme aliyekuwa amekuja kumpimia paa. "Yuniti moja! Nachoma pesa, mwanangu. Nachoma noti moja moja mbele ya watu."

"Pole, Mama. Ndiyo maana nakwambia weka sola."

Seti ya Osaretin, paneli, inveta na betri ya lithiamu, ilikuwa milioni mbili na laki nne: nusu mkononi, nusu iliyobaki kidogo kidogo kwa mwaka mmoja. Ingempa yuniti tano kwa siku, ukichanganya za jua kali na za mvua.

"Inaishi miaka mingapi?"

"Paneli, hata ishirini na zaidi. Betri miaka kumi, ukiitunza."

Itohan alicheka. "Muuza mbuzi hasemi mbuzi wake anakohoa. Naandika mitano, seti nzima." Akaandika mitano. Yuniti tano, siku mia tatu sitini na tano, miaka mitano: elfu tisa mia moja ishirini na tano. Ikatoka naira mia mbili sitini na tatu kwa yuniti.

Osaretin aliona jenereta limepigwa chini vibaya, akaanza kutabasamu. Hapo Itohan akahamia ukurasa wa tatu.

Maana kampuni ya umeme ilikuwa imewatumia wakazi barua. Transfoma ya mtaa ilikuwa imezeeka na kuzidiwa. Kama wakazi wangeleta mpya, wangeunganishwa kwenye laini ya saa ishirini kwa siku. Bei ya yuniti ingepanda kutoka naira sitini na tano mpaka mia mbili na tisa, lakini saa ishirini! Kwa friza zilizofungwa vizuri, saa nne za giza si kitu. Kama kawaida ya huko, mtaa ungechanga, ununue transfoma, kisha uikabidhi kampuni kwa barua ya zawadi. Mwenye mashine nyingi angechanga zaidi. Itohan alipangiwa laki nane.

"Laki nane hiyo umeiweka humu?" Osaretin aliuliza.

"Wewe unaniona mtoto? Nimeigawa kwa uhai wa transfoma. Miaka ishirini, yuniti sita kwa siku. Inaongeza naira kumi na nane tu. Jumla mia mbili ishirini na saba. Sola yako mia mbili sitini na tatu. Umeme wa waya umeshinda."

Fundi alikuna shingo. "Hesabu sina, Mama. Lakini jua halina meneja."

"Nenda zako, Osaretin," alisema Itohan, na wote wawili wakacheka.

Kwenye mkutano wa mtaa, uliofanyika uwanja wa kanisa, walimpa ubao. Alisimama pale na chaki, moyo umejaa, kama miaka yote ile haijapita. Akaandika namba tatu kubwa: 1,530, 263, 227. Watu walipiga makofi. Baada ya mkutano alifuatwa na Baba Eguasa, fundi cherehani aliyekaribia miaka sabini, mpole hadi ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Alikuwa na naira laki tatu na nusu, akiba ya kununua sola ndogo ya cherehani yake ya umeme na pasi.

"Mwalimu, mimi nifuate lipi?"

"Pasi ni mlafi, Baba. Sola ndogo haitaiweza. Changia transfoma."

Kuhusu pasi alisema kweli. Mzee akatoa zote.

Zilipopungua laki moja na nusu kwenye mchango wa transfoma, mtaa mzima ulimtazama Itohan, naye akauza jenereta kuziba pengo. Mtu gani hulitunza jenereta la elfu moja mia tano kwa yuniti, akiwa na umeme wa mia mbili ishirini na saba? Aliliangalia likipakiwa kwenye toroli wala hakuona uchungu wowote.

Transfoma ilikuja mwishoni mwa mwezi wa tisa, ikasimikwa, picha zikapigwa, barua ya zawadi ikatiwa sahihi. Kwa siku thelathini na nane umeme ulikaa. Friza zilinguruma mchana kutwa, samaki wakawa wagumu kama matofali, na Baba Eguasa alipiga pasi huku akiimba. Watu walimwambia Itohan, "Mwalimu, umetuokoa," naye alijibu kwamba ni hesabu tu.

Mwezi wa kumi na moja umeme ulirudi kwenye tabia zake. Saa tano kwa siku, saa tatu, siku nyingine hola. Bei haikurudi. Itohan alikwenda ofisi ya kampuni mara nne. Dada wa dirishani alimwambia kuna hitilafu kwenye laini kubwa, itatengenezwa kufikia tarehe mosi.

"Basi mtutoze ile bei ya zamani mpaka mtengeneze."

"Mama, mfumo ndio unaotoza."

Mwezi mzima aliuza samaki kidogo kidogo, akiwanunua asubuhi na kuwamaliza jioni. Tarehe mosi Desemba, ajabu, umeme ulikuja ukakaa. Siku tatu nzima. Na wenye biashara ya samaki wanajua: usipojaza friza wiki ya kwanza ya Desemba, unanunua kwa bei ya Krismasi. Itohan alichukua laki nne zilizobaki za upatu, akaongeza laki mbili na elfu arobaini, faida yake yote ya mwaka, akajaza friza zote mbili mpaka vifuniko vikagoma kufunga.

Tarehe nne, saa tano asubuhi, transfoma ilipiga kishindo kilichosikika mtaa wa tatu, moshi ukapanda.

Vijana wa mtaa walimwita Osaretin. Alitazama juu, akatikisa kichwa. "Nina mtu anayeweza kuifungua leo hii. Lakini si yenu tena. Mliitoa zawadi. Tukiigusa, ni polisi."

Kampuni ilisema imepokea taarifa, na kwamba mtaa uko kwenye foleni.

Itohan alifunika friza kwa mablanketi, akakataza mtu asifungue. Siku ya pili alitafuta jenereta la kukodi, lakini Desemba kila jenereta lina harusi yake. Baba Eguasa alimletea kijijenereta chake cha kuchanganya petroli na oili, akikisukuma mwenyewe juani, jasho likimtiririka. Walikiwasha. Taa iliwaka. Itohan akachomeka friza moja. Kompresa ikanguruma mara moja, kijijenereta kikakohoa, kikazima. Walijaribu mara sita. Friza nzee ikiamka huhitaji nguvu nyingi kuliko inapokwenda, na kile kidude hakikuwa nazo.

"Samahani, Mwalimu," alisema mzee, kana kwamba kosa ni lake.

"Usiniombe radhi, Baba! Tafadhali usiniombe radhi," Itohan alisema.

Siku ya tatu maji yalianza kutoka chini ya friza. Aliuza walioweza kuuzika kwa bei ya kutupa, na fedha hizo zote zikaishia kwenye petroli ya kuhangaika, barafu ya kununua na gari la kubeba uozo. Siku ya tano harufu ilimtoa hata jirani aliyekuwa akimpenda.

Alipomaliza kusafisha aliketi juu ya kreti, akafungua daftari. Laki nane za transfoma, na laki moja na nusu ya jenereta. Laki sita na elfu arobaini za samaki. Elfu sitini na mia nane na kumi na tisa alizolipa kwenye mita. Akagawa kwa yuniti alizopata kweli tangu transfoma isimikwe, mia mbili tisini na moja. Naira elfu tano mia sita sabini na tatu kwa yuniti.

Alirudia kukokotoa, akitafuta kosa, na alilipata, ila halikuwa kwenye kugawa. Lilikuwa kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino wa buluu, kurasa mbili zinazotazamana. Jua, ambalo lingekaa juu ya paa lake, aliliandikia miaka mitano. Transfoma, ambayo aliitoa zawadi kwa mtu mwingine, aliiandikia ishirini. Hakuna aliyemlazimisha. Osaretin alikuwa amesimama pale pale akikuna shingo.

Tarehe kumi na sita alikuja mnunuzi wa friza kutoka barabara kuu.

"Ziwashe nizione."

"Umeme hakuna. Lakini ni nzima, naapa."

"Mama, kila mtu huapa. Bila kuziona zikigandisha, nanunua mabati." Akatoa naira elfu arobaini kwa zote mbili. Nzima, zingefika laki mbili na nusu. Kodi ya duka ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Itohan alipokea.

Pikapu ilikuwa haijafika kona pale kelele zilipoanza, watoto wote wa mtaa kwa pamoja: "Umeeeme!" Zamu yao kwenye foleni ya kampuni ilikuwa imefika. Feni iliyosahauliwa darini ikaanza kuzunguka juu ya duka tupu. Itohan alikimbia mpaka barabarani akipunga mikono yote miwili, lakini dereva hakutazama nyuma.

Alipogeuka, Baba Eguasa alikuwa mlangoni, daftari la shule mkononi, uso umemeremeta.

"Mwalimu, umeme umerudi! Sasa nikokotolee: zile laki zangu tatu na nusu, nikishona kila siku, zitarudi baada ya muda gani?"

Itohan alichukua kalamu. Aliandika tatu, akaandika tano, akaandika sufuri nne, akachora mstari wa kugawa. Kisha akakaa kuutazama, maana chini yake hakujua aweke nini, na mzee akaendelea kusubiri kwa adabu, mpaka feni ikapungua mwendo na kusimama.