Kisanduku cha Nne

Kipeperushi cha kwanza kilikuwa na kurasa mbili zilizojaa maneno mpaka pembeni, na mhuri chini. Muuguzi wa elimu ya afya alikuwa amekiandika mwenyewe, akakichapisha nakala mia tano, akazigawa kwa mkono wake. Siku ya tatu akaenda dukani kununua sabuni, na muuza duka akamfungia kwa hichohicho kipeperushi.

"Karatasi nzuri hii, Sista," muuza duka akamwambia. "Nzito. Kama mnazo nyingine, nileteeni."

Mvua zilikuwa zimeanza, na kila asubuhi benchi la kituo cha afya lilikuwa na watoto watano, sita, wanaoharisha. Kilichomuumiza kichwa muuguzi hakikuwa uhaba wa dawa. Pakiti za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji, zilijaa kabatini. Shida ilikuwa nyumbani. Huyu alimimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja, maji yakawa makali. Yule aligawa pakiti moja mara nne ili imtoshe wiki. Wote walikuwa wamepewa kipeperushi.

Jioni ile alimpitia shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchora mabango ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi. Yeye ndiye aliyechora kichwa cha mtu mwenye denge kwa kinyozi, na ng'ombe anayecheka kwenye bucha, ingawa hakuna aliyejua ng'ombe yule alikuwa anacheka nini. Alimkuta anaosha brashi kwenye kopo.

"Shemeji, nataka kibonzo," alisema. "Visanduku vinne. Mtu akikiangalia tu, ajue la kufanya."

Brashi akachukua karatasi ya maneno aliyopewa. Akaisoma. Akaigeuza. Akaisoma tena.

"Shemeji, haya yote yanaingia wapi?"

"Kwenye viputo. Si wanaongea?"

"Huyu mama wa kisanduku cha kwanza haongei, anasoma risala. Mtoto atapona mwenyewe kabla hajafika nukta." Akachora duara, akaweka mkia ukielekea kwenye mdomo wa mtu, halafu akampa penseli. "Andika humo unachotaka aseme. Kisichoingia, kinakaa nje."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Muuguzi alifuta, akaandika, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Alitaka kuweka usafi wa choo, Brashi akauliza, "Huo si ujumbe mwingine?" Alitaka kuweka vidonge vya zinki, kisha akajiuliza mwenyewe: vidonge hivyo mama anapewa pale dirisha la dawa, na anaelezwa palepale avitumie siku ngapi, kwa nini vibanane humu? Akavitoa kwa moyo mzito, kama mtu anayemsindikiza mgeni anayempenda. Mwisho wakabaki na mambo manne: mtoto anaharisha, mama anachanganya ORS, mama anamnywesha kidogokidogo, na akizidiwa anapelekwa kituoni. Hakuna kiputo kilichozidi maneno kumi.

"Na watu wawe wepesi kutambulika," Brashi alisema. "Mama nitamfunga kilemba chenye madoa, visanduku vyote vinne kilemba hichohicho. Nikimbadilisha nguo tu, watu watasema ni mama mwingine."

Baada ya siku mbili akaleta mchoro wa wino, visanduku viwili juu, viwili chini. Ulipendeza. Daktari mkuu wa kituo aliuangalia, akavua miwani, akasema unafaa, ila kisanduku cha nne kingemwonyesha mtoto ameshapona anacheka, watu wapate moyo.

"Daktari, aliyepona hahitaji kuambiwa la kufanya," muuguzi alijibu. "Anayezidiwa ndiye wa kuambiwa."

Daktari akakubali. "Haya. Lakini usichapishe kabla hujawapelekea wenyewe."

Basi Jumatatu asubuhi, kabla hawajaanza kupima uzito wa watoto, muuguzi akaubandika mchoro ukutani karibu na benchi. Alifunika viputo vyote kwa vipande vya karatasi, maana si kila aliyekaa pale alijua kusoma, na alitaka picha zenyewe ziongee kwanza. Brashi akakaa kwenye kona na daftari lake.

"Mama zangu," alisema muuguzi, "siulizi kama mmeelewa. Nataka mtu aniambie anaona nini. Hakuna kukosea."

Akina mama wakaangaliana. Aliyejitokeza alikuwa muuza mkaa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kupasua kuni, mjukuu amemlalia begani.

"Naona mtoto anaharisha," alisema. Kidole chake kikashuka moja kwa moja mpaka kisanduku cha chini. "Hapa anakunywa." Kikapanda juu upande wa pili. "Halafu hapa ndiyo mama anachanganya dawa. Sasa Sista, hapo chini alikuwa anakunywa nini, na dawa ilikuwa bado?"

Benchi zima likacheka. Hata watoto wawili walioacha kulia wakacheka bila kujua ni kwa nini. Brashi akaandika kwenye daftari: *mstari mmoja, viwekwe namba.*

"Na hili jagi," akadakia mama mwingine kutoka nyuma, "ni jagi la ukubwa gani? Mimi sina jagi."

"La lita moja," muuguzi akasema.

"Nitajuaje?"

Muuguzi akamgeukia. "Nyumbani una nini?"

"Chupa za maji, zile za nusu lita. Hizo kila nyumba zimo."

"Basi ukijaza mbili za namna hiyo ukamimina chomboni, ndiyo pakiti moja nzima."

"Sasa si mngechora chupa mbili!"

Brashi akaandika. Muuguzi alianza kuona raha. Kila kosa lililopatikana pale, alijiambia, ni mtoto mmoja aliyeepushwa na hatari nyumbani. Akafika kisanduku cha nne, kile alichokipigania. Mama mwenye kilemba cha madoa amesimama mlangoni pa kituo, mtoto amelegea mgongoni, macho yamebonyea. Mbele yake muuguzi wa kuchorwa, mkono umenyooka, kidole mbele. Chini ya kile kipande cha karatasi kulikuwa na maneno: *Ingia haraka, ukae pale!*

"Na hapa?"

Muuza mkaa akamtazama muuguzi, akautazama mchoro, akamtazama tena.

"Hapa anafukuzwa."

"Anafukuzwa?"

"Anafokewa kwanza, halafu anafukuzwa. Angalia kidole."

"Ni kweli," sauti nyingine ikasema. Na nyingine. Halafu binti mmoja aliyekuwa na mtoto wake wa kwanza akasema polepole, "Na huyo ni wewe, Sista. Hata kalamu iliyochomekwa kwenye nywele."

Safari hii watu walicheka kwa kujificha, wakitazama chini. Muuguzi akageuka kumtazama shemeji yake. Brashi alikuwa ameingiza uso wote kwenye daftari.

"Mimi nilichora ninachokiona tu," alinong'ona.

Muuguzi alitaka kucheka naye, lakini muuza mkaa alikuwa hajamaliza.

"Mvua za mwaka jana," alisema, na sauti ile ya kupasua kuni ikapungua, "huyu mjukuu aliharisha siku mbili. Mama yake akagoma kuja. Mara ya mwisho alikuwa amesahau kadi, ukamwambia mbele ya watu kwamba hajui kulea. Akasema bora akae nyumbani. Mimi ndiye niliyemleta, siku ya tatu, tukakuta zamu ya mwenzako. Mungu alisaidia."

Muuguzi alijaribu kulikumbuka jambo lile. Alitafuta sura ya mama wa yule mjukuu, ile kadi, siku yenyewe. Hakukumbuka chochote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kumbe ilikuwa siku ya kawaida tu, na maneno yenyewe ya kawaida.

"Nisamehe," alisema. "Na umwambie naye anisamehe. Au nitamwendea mwenyewe."

"Mwendee mwenyewe," alisema muuza mkaa. "Nyumba ya pili kutoka kwangu. Usiende na hiyo kalamu kichwani."

Wakacheka tena, na safari hii muuguzi naye alicheka, ingawa macho yalikuwa yanamwasha.

Mchana ule alikaa na Brashi kwenye chumba cha chanjo. Visanduku vikapangwa mstari mmoja, moja mpaka nne, namba kubwa juu ya kila kimoja. Jagi likaondoka, zikaja chupa mbili na pakiti moja, na sufuria yenye mfuniko.

"Na kidole?" Brashi akauliza.

"Kifute. Mchore ameshika mlango, mkono mwingine umemwelekea mtoto."

"Aseme nini?"

Muuguzi akafikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiria kurasa zake mbili zote. Kisha akaandika ndani ya kiputo: *Karibu, mama. Umefanya vizuri kuja.*

"Maneno manne," akahesabu Brashi. "Matano. Shemeji, unaanza kuiweza kazi hii."

"Weka na kalamu kwenye nywele."

"Una hakika?"

"Wajue ni mimi."

Walikibandika tena Jumatano, viputo vimefunikwa, mbele ya akina mama wengine kabisa. Walisoma moja, mbili, tatu, nne. Mmoja alihesabu chupa kwa sauti. Alipofika mwisho akasema, "Anakaribishwa." Muuguzi akafunua vipande vya karatasi kimoja kimoja, na wiki hiyohiyo kibonzo kikachapishwa. Kikabandikwa kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kwa kinyozi chini ya kichwa chenye denge. Muuza duka alipewa kimoja, akaambiwa hiki ni cha ukutani, si cha sabuni.

Kwa binti wa muuza mkaa alikwenda Ijumaa. Haikuwa rahisi. Binti aliendelea kufua muda wote, akijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Lakini muuguzi alipoaga, binti alisimama, akakausha mikono, akamsindikiza mpaka njiani.

Haikupita wiki mbili, asubuhi yenye matope, mwanamume mmoja kijana akaingia kituoni mbio, mtoto amemkumbatia kifuani, viatu mkononi. Kadi hana. Nepi ya mtoto ilikuwa kipande cha shati lake.

"Nilimchanganyia chupa mbili, pakiti moja," alisema akihema. "Jana alikunywa vizuri. Leo hataki kunywa, analegea tu. Pale kwenye mashine ya kusaga picha inasema akiwa hivi nije."

Muuguzi alikuwa ameshampokea mtoto. Macho yalikuwa yamebonyea, na alipoibana kidogo ngozi ya tumbo, ilirudi polepole. Akamwita daktari, wakamtundikia dripu. Baba alibaki amesimama katikati ya chumba, maji ya matope yakimtiririka miguuni, akiangalia sakafu iliyokuwa imepigwa deki muda si mrefu.

"Nimechafua," alisema. "Na kadi nimeisahau."

"Kaa hapa karibu naye," muuguzi alisema, akimvutia kiti. "Mshike mkono, anakufahamu wewe."

Saa sita mchana mtoto alifumbua macho, akanywa kijiko kimoja cha ORS, kisha cha pili. Cha tatu alikitema chote kwenye gauni jeupe la muuguzi, akaanza kulia kwa nguvu, na baba yake akacheka mpaka akalazimika kukaa chini.