Samahani Mbele ya Hesabu

Mshonaji alikuwa na dawa moja kwa wateja wote. Mtu akirudisha gauni lililombana, hata kama tumbo limemtangulia kupita mlangoni, mshonaji hasemi umenenepa. Husema, "Samahani, mwenzangu, nilipima vibaya." Anafumua, analegeza, na mteja anaondoka akicheka, kesho anarudi na kitambaa kingine. Kwa samahani hiyo alimsomesha binti yake baada ya kufiwa na mume. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna milango ambako dawa hiyo ni sumu.

Binti alikuwa mchoraji. Alichorea kampuni moja ya ng'ambo picha za vitabu vya watoto, amekaa kwenye ncha ya meza ileile ya kukatia nguo, mama akimsogezea vitambaa kwa kiwiko ili naye apate nafasi. Walimlipa kwa dola. Dola zikifika, benki inazinunua kwa bei yake, na kwenye akaunti zinatua pesa za hapa. Mwaka ulipoisha binti alijumlisha zilizotua, akazitangaza kwenye ofisi ya kodi, akalipa alichotakiwa. Alilala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Kisha ikaja barua. Ofisi ya kodi ilikuwa imepata jumla ya dola zake, elfu tisa, ikazigeuza kwa kiwango cha wastani cha benki kuu, mia na ishirini na sita kwa dola. Benki ya binti ilikuwa imezinunua kwa wastani wa mia na kumi na nane. Hapo likazaliwa pengo la sabini na mbili elfu, nayo barua ikaliita mapato yasiyoonyeshwa. Ajieleze kwa maandishi.

Binti hakushtuka sana. Kilichomuuma ni wakati wenyewe. Alikuwa ameshinda kazi ya kuchora vitabu vya shule, kazi ya mwaka mzima, ya kumtoa kwenye ncha ya meza ya mama na kumpa chumba chake cha kazi. Wachapishaji walitaka kitu kimoja tu: hati ya ofisi ya kodi inayosema hadaiwi. Na hati haitoki mpaka barua ijibiwe.

Mama alipoanza kushika kichwa, binti alichukua tepu mbili za kupimia kwenye kikapu, mpya na ile kuukuu iliyovutika kwa miaka, akazilaza juu ya kipande kimoja cha kitambaa.

"Umeona? Kitambaa ni kilekile. Tepu ndizo zinazopishana."

Mama aliona. Hilo hata asiyesoma analiona. Lakini kuona si kutulia.

Jibu la binti lilikuwa fupi. Dola nilizopokea ni hizohizo mnazozitaja. Mimi nimetumia kiwango ambacho benki ilinunulia, ninyi mmetumia cha benki kuu. Hii hapa orodha ya kila malipo, tarehe yake, dola zake na kiwango chake, na karatasi za benki zimeambatishwa. Ikiwa sheria inataka kiwango chenu, niko tayari kulipa kodi ya tofauti hiyo. Alimsomea mama, na mama akajiuliza: Barua gani hii isiyopiga goti?

Alikuwa na sababu yake. Marehemu mumewe aliwahi kubishana na askari wa manispaa kuhusu kibanda chake cha biashara. Risiti alikuwa nayo mkononi, na ukweli alikuwa nao mdomoni, lakini kibanda kilipandishwa lori vilevile, yeye akibaki na risiti yake. Tangu siku ile mshonaji aliishi kwa methali moja: mkono usioweza kuukata, ubusu.

Akamwambia binti aanze na radhi. Binti akasema hajakosa. Mama akasema ajue kwamba serikali haishindwi, ila huona huruma kwa anayejishusha, na mtoto aliyelelewa vizuri hatangulizi hesabu mbele ya wakubwa. Siku mbili nyumba ilikuwa hivyo. Chakula kinapoa, cherehani imenyamaza, mama anapumua kwa sauti ili asikike.

"Andika kwamba ulificha kidogo kwa sababu ya shida," alisema hatimaye. "Anayekiri husamehewa."

"Mama, sijaficha chochote."

"Najua, mwanangu. Andika tu. Maneno hayana bei."

Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa kesho yake. Binti akaandika, nusu kwa uchovu, nusu ili mama ale. Aya ya kwanza ikasema anaomba radhi kwa kuficha sehemu ya mapato yake kwa sababu ya ugumu wa maisha. Orodha ya viwango ikasukumwa ukurasa wa pili. Mama alikula jioni ile, na alikula vizuri.

Walipoitwa walikwenda pamoja. Afisa aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, viatu kavivua chini ya meza, faili zimemzunguka kama kuta. Hakuwa mkali. Heri angekuwa mkali. Alifungua ukurasa wa pili, akapitisha kalamu kwenye orodha mstari kwa mstari, akapiga hesabu yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Hesabu yako iko sawa, dada. Hii ni tofauti ya viwango, na kiwango kinachotakiwa ni cha benki kuu. Ungelipa kodi ya hilo pengo na riba kidogo, tukafunga faili." Akarudi ukurasa wa kwanza. "Lakini hapa umesema ulificha."

Binti alisema halikuwa hivyo, ni namna tu ya kuomba. Afisa akauliza sahihi ni ya nani. Ni yake. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi: aliyekosea kiwango ana njia yake, na aliyeficha kwa makusudi ana njia nyingine, yenye faini nzito na ukaguzi wa miaka ya nyuma. Yeye hawezi kuchana barua iliyokwisha pokelewa na kupigwa muhuri. Binti aandike kuikanusha, itasikilizwa, lakini faili litapelekwa kwanza kwa wachunguzi. Na hati haitolewi likiwa huko.

"Ni mimi niliyemwambia," mama alisema. "Mwanangu hana kosa. Samahani sana, mama."

Afisa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mzazi, punguza hizo samahani. Ndizo zilizotufikisha hapa."

Wachapishaji walingoja kwa muda, kisha wakampa kazi mchoraji mwingine. Miezi ikapita ndipo wachunguzi wakakubali kwamba lilikuwa suala la viwango tu, na kodi iliyobaki kwenye lile pengo ilikuwa ndogo kuliko bei ya cherehani kuukuu. Hati ikatoka safi, imepigwa muhuri. Hakukuwa na wa kupelekewa.

Binti hakumgombeza mama hata siku moja. Aliendelea kumwamkia, kumsaidia kutia uzi kwenye sindano, kula alichopika. Ila kila ilipofika barua yoyote, aliifungulia nje. Mama alikuwa akimwona dirishani, amempa mgongo, anasoma peke yake.

Asubuhi moja mteja wa miaka mingi aliingia na gauni la harusi ya mdogo wake, akalitupa mezani, akasema limembana, limeshonwa ovyo. Binti alikuwa kwenye ncha ya meza, kalamu mkononi. Mshonaji alifungua mdomo, na neno lilelile likamjia kwenye ulimi. Akachukua tepu mpya, akampima mteja kiuno, akafungua daftari la vipimo, akamwonyesha.

"Nilishona kwa kipimo chako. Sikukosea."

Mteja alinuna, akakunja gauni lake, akatoka bila kuaga. Mshonaji alimgeukia binti, akingoja walau tabasamu.

Binti aliendelea kuchora.